Namba sita ni sahihi, saa ndiyo imepotoka

Simu yangu niliiletewa na shemeji kutoka Dubai. Saa inasoma sawa na ya ukutani, lakini namba sita za Google Authenticator ninazoulizwa nikiingia kwenye barua pepe zinakataliwa kila siku, nami naziandika polepole nikizihakiki. Nifute ile apu niiweke upya? — Mama wa duka, Langoni, Lamu

Usifute, mama, tafadhali. Ndani ya apu mna ufunguo wa siri uliopewa siku ile uliposkani mraba wa QR, na ukiifuta, huo ufunguo waweza kupotea. Huo ufunguo wako hauna ila. Ninachokishuku ni saa, hata kama inasoma sawa na ya ukutani.

Apu hiyo haiulizi mtandao chochote. Inachukua ufunguo wako, inachukua wakati wa sasa, inavichanganya kwa hesabu, na zinatoka tarakimu sita. Kule kwenye seva ya barua pepe yako hesabu ileile inafanywa kwa ufunguo uleule. Wakati unahesabiwa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa ya Greenwich, ile iitwayo GMT, kisha unakatwa vipande vya sekunde 30, na kila kipande kina namba yake. Mkiwa kwenye kipande kimoja, namba zitalingana. Seva nyingi zina uvumilivu kidogo, hukubali pia namba ya kipande kimoja nyuma au kimoja mbele, kwa sababu waliozitengeneza wanajua watu huandika polepole na saa hazilingani kabisa. Zaidi ya hapo ni kukataliwa tu.

Sasa tazama jambo la Dubai. Wao wako saa nne mbele ya Greenwich, sisi tuko tatu. Simu ilipofika kwako nadhani ilikuwa inasoma saa moja mbele, na mtu, pengine shemeji mwenyewe kwa nia njema, akazima mpangilio wa saa ya kujiweka yenyewe na akairudisha nyuma kwa mkono. Eneo likabaki Dubai. Tuseme sasa ni saa nne na robo asubuhi hapa Lamu, na simu yako inaonyesha 10:15. Wewe waona sawa. Simu lakini inajihesabia hivi: niko Dubai, ni 10:15, natoa saa nne, basi Greenwich ni 6:15. Kwa kweli Greenwich ni 7:15. Iko nyuma saa nzima, yaani sekunde 3,600, yaani vipande 120. Namba unayoiandika leo kwa uangalifu wote huo ilikuwa sahihi saa moja iliyopita.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kubahatisha. Fungua apu ya saa iliyo kwenye simu, ile yenye kengele ya kuamsha, nenda kwenye saa za dunia, uongeze mji wa Nairobi. Ikiwa mambo ni kama ninavyodhani, Nairobi itasoma 9:15 ilhali saa kubwa ya simu inasoma 10:15. Simu isiyo na kasoro haiwezi kusoma Nairobi tofauti na Lamu. Dalili nyingine ni barua pepe iliyoingia sasa hivi kuandikwa kana kwamba imeingia saa moja ijayo.

Dawa yake: washa data au Wi-Fi, ingia Settings, kisha System, kisha Date & time. Kwenye Samsung pitia General management, halafu Date and time. Washa saa ya kujiweka yenyewe na eneo la kujiweka lenyewe, kisha soma mstari wa eneo: lazima uone GMT+03:00. Ukiona bado inang'ang'ania Dubai, zima la eneo peke yake na uchague Nairobi kwa mkono, lakini la saa liache limewashwa. Rudi kwenye apu, subiri namba mpya itokee, uiandike hiyo. Kama ulikwisha kukosea mara nyingi leo, pumzika kidogo kwanza, maana akaunti nyingine hujifunga kwa muda baada ya majaribio mengi na utadhani dawa haikufanya kazi.

Babu yetu hataki simu yenye saa ya Kizungu. Nikamrekebishia, saa mbili asubuhi isome 2:00. Tangu siku hiyo hawezi kuingia kwenye akaunti yake. Nimekosa wapi? — Kijana, Matondoni

Babu ana haki yake, na wewe umekosa mahali padogo. Umesogeza saa kwa mkono ukaacha eneo la Nairobi, basi simu inaamini kwamba Greenwich iko saa sita nyuma ya ilivyo. Hivyo ni vipande 720, hakuna seva itakayovumilia.

Lakini haja ya babu inatimizika. Kinachoharibu namba ni wakati wa ndani. Unaoonekana usoni mwa simu ni pambo tu, na pambo hilo linatokana na eneo ulilochagua. Kwenye Android washa tena saa ya kujiweka yenyewe, zima eneo la kujiweka lenyewe, halafu chagua eneo lililo saa sita nyuma yetu. Buenos Aires ni GMT-03:00 na ndiyo hasa. Saa moja asubuhi ya hapa itasoma 1:00, na wakati wa ndani hautaguswa, kwa hiyo namba sita zitakubaliwa. Ukitumia mtindo wa saa 12 utapata na kiroja kizuri: AM itakuwa mchana wetu na PM itakuwa usiku wetu.

Mjulishe kasoro moja. Tarehe itageuka saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa sita usiku, kwa hiyo akiamka kwa alfajiri simu itakuwa bado iko jana. Kama ana iPhone hila hii sikushauri, kwa kuwa pale saa na eneo vinaongozwa na swichi moja, Set Automatically, na ukiizima umezima vyote viwili.

Tableti ya nyumba ya wageni haina laini, na Wi-Fi tunaiwasha wageni wakija tu. Namba zake mara zinakubaliwa, mara zinakataliwa. Ni bahati? — Msimamizi, Malindi

Swali lako ndilo lililonifurahisha zaidi wiki hii, kwa sababu hiyo "mara hivi, mara vile" inaeleza yenyewe ni kiasi gani saa imepotoka na kuelekea wapi.

Tableti isiyo na laini haipati wakati kutoka mnara wa simu, na bila Wi-Fi haiupati kwenye mtandao pia. Inabaki na saa yake ya ndani, ambayo hupotea kidogo, tuseme sekunde moja au mbili kwa siku. Msimu wa wageni ukipita, ukaiweka kabatini mwezi na zaidi, tayari una kosa la sekunde 40 hivi. Hapo ndipo uvumilivu wa seva wa kipande kimoja huanza kukusaidia nusunusu.

Chukulia tableti iko nyuma sekunde 40. Namba mpya inapotokea kwenye kioo, kwa seva ni namba ya kipande kilichopita, na hilo inalikubali. Hali inaendelea hivyo kwa sekunde 20 za kwanza. Katika sekunde 10 za mwisho seva imeshaingia kipande kingine, namba yako imekuwa ya vipande viwili nyuma, inakataliwa. Geuza sasa: tableti ikiwa mbele sekunde 40, namba mpya inapotokea ni ya vipande viwili mbele, inakataliwa kwa sekunde 10 za kwanza, kisha sekunde 20 zilizobaki inakubaliwa.

Kwa hiyo jipime. Namba ikiwa mbichi inakubaliwa, na ikikaribia kuisha inakataliwa? Saa yako iko nyuma. Mbichi inakataliwa, nzee inakubaliwa? Iko mbele. Ukiwa na haraka na huna mtandao kwenye tableti, ujuzi huo unakuingiza leo. Ikikataliwa wakati wote, kosa limeshavuka dakika moja na mchezo huo hautakufaa.

Tiba ni kuiunganisha na Wi-Fi huku saa ya kujiweka yenyewe ikiwa imewashwa. Ikiwa ilikuwa imewashwa na bado haijabadilika, izime, iwashe tena, ndipo itakapokwenda kuuliza. Ukitaka kuona tofauti kwa macho, fungua time.is kwenye kivinjari, itakuambia kifaa chako kiko sekunde ngapi mbele au nyuma. Kwa wageni wako Waitaliano, ongeza Roma kwenye saa za dunia. Usisogeze saa ya tableti kwa ajili yao.

Nikienda Kiwayu hakuna mtandao siku nne. Apu itaendelea kutoa namba? — Mvuvi, Faza

Itaendelea, na siku nne si kitu. Ila usiiache simu iishe chaji kabisa. Simu nyingine zikifa hivyo huamka na tarehe ya ajabu na hazijirekebishi mpaka zipate mnara.

Mimi natoa namba kwenye kompyuta ya saiba, nayo kila asubuhi huamka ikiwa mwaka mwingine. — Mkomani, Lamu

Ni betri ndogo ya bapa iliyo ndani ya kompyuta, mara nyingi CR2032, imekufa. Badilisha hiyo. Kwa leo, kama ni Windows, rekebisha kwanza tarehe kwa mkono, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

```
net start w32time
w32tm /resync
```

Nina akaunti tano kwenye apu. Nne zinakubali, moja inakataa. Nimeshaweka saa yangu sawa. — Mwalimu, Malindi

Basi saa haina hatia, mwalimu. Zote tano zinatumia saa moja. Ingekuwa imepotoka zingekataliwa pamoja.

Tazama kama akaunti hiyo imeandikwa mara mbili kwenye apu. Kila unaposkani mraba mpya unapewa ufunguo mpya na wa zamani unakufa, lakini mstari wake unabaki ukitoa tarakimu sita zenye sura nzuri kila nusu dakika, kama duka lililohama na kibao chake kikabaki ukutani. Jaribu mstari wa pili. Ikiwa upo mmoja tu na unakataliwa, ingia kwa namba za akiba ulizopewa siku ya kwanza, zile hazitegemei saa, kisha zima ulinzi wa namba sita kwenye akaunti, uuwashe upya na uskani mraba mpya. Mstari wa zamani ufute baada ya mpya kukubaliwa, si kabla.