Pombe Hukaa Damuni kwa Muda Gani, na kwa Nini Kahawa na Maji Baridi Haviiondoi

Kazi yangu katika kampuni moja ya usafirishaji hapa Eneo la Viwanda, Nairobi, ni kuwapima madereva pumzi alfajiri kabla malori hayajatoka yadini. Dereva anayenitia wasiwasi zaidi si yule anayefika akipepesuka, kwa kuwa huyo kila mtu humwona na hakuna atakayempa ufunguo. Ni yule aliyelala kwa muda wa saa nne, akaamka akaoga maji baridi, akanywa kahawa ya rangi, kisha akafika kazini akiwa msafi, mchangamfu, na mwenye hakika kabisa kwamba pombe ya jana imekwisha mwilini.

Nitaeleza kisa cha mmoja wao, mwanamume wa kilo 75 hivi aliyekuwa amepangiwa safari ya Mombasa. Alikuwa ameanza kunywa saa mbili usiku, akaacha saa saba usiku, na kwa maelezo yake mwenyewe alikunywa chupa nane za bia za nusu lita. Saa kumi na mbili asubuhi alipopuliza kipimaulevi, ambacho watu wengi hukiita alkoblo, kilionyesha maikrogramu 48 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Kanuni za trafiki za Kenya za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha maikrogramu 35, kiwango kinacholingana na miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na kwa hesabu hiyo damu ya dereva huyu ilikuwa bado na miligramu 110 hivi. Akaniambia, "Mkubwa, nipe muda kidogo tu nioge tena hapo nyuma na ninywe kahawa nyingine, utaona itashuka." Nilimkubalia, kwa sababu nilitaka aone mwenyewe. Dakika 40 baadaye alirudi nywele zikiwa bado na maji, akapuliza, na kipimo kikasoma 44.

Kwake yeye hiyo ilikuwa ishara kwamba kahawa imeanza kufanya kazi. Hata hivyo, maikrogramu hizo nne ndizo ambazo ini lake lingeondoa katika dakika 40 hata kama angeketi tu kwenye benchi la mlinzi bila kugusa kikombe. Ini la mtu mzima wa kawaida hupunguza pombe damuni kwa takriban miligramu 15 kila saa, yaani maikrogramu sita hadi saba kwenye kipimo cha pumzi. Wako ambao hupunguza miligramu 10 tu kwa saa na wako wanaofikia 20 au kupita kidogo, lakini hakuna anayeweza kuliharakisha ini lake kwa kuliamuru.

Sababu ya mwendo huo usiobadilika ni hii. Zaidi ya asilimia 90 ya pombe huvunjwa na ini kwa kutumia vimeng'enya ambavyo uwezo wake una mpaka, na bia chache tu zinatosha kuvifikisha kwenye mpaka huo. Ni kama karani mmoja aliye dirishani: foleni ikirefuka hadi nje ya jengo, bado atahudumia mtu mmoja baada ya mwingine kwa mwendo uleule. Sehemu ndogo iliyobaki hutoka kwa pumzi, mkojo na jasho, na ndiyo maana kukimbia mpaka ulowe jasho au kunywa maji lita mbili hakubadilishi hesabu kwa kiasi cha kumfaa dereva. Maji hutuliza kiu na huenda yakapunguza maumivu ya kichwa, basi. Kutapika nako huondoa tu ile pombe ambayo bado imo tumboni, na kufikia asubuhi hakuna iliyobaki humo.

Kahawa inahitaji maelezo ya kutosha kwa sababu udanganyifu wake una ukweli ndani. Kafeini huzuia adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka, kwa hiyo usingizi hupungua kweli na mtu hujisikia yuko macho. Lakini kafeini haina kazi yoyote inayofanya kwenye ini, na haimrudishii mlevi uwezo wake wa kukadiria umbali wala wa kuamua kwa haraka. Dereva wangu alikuwa macho kabisa na bado alikuwa juu ya kikomo, jambo ambalo naliona la hatari kuliko usingizi, kwa kuwa anayesinzia huenda akajihurumia akalala, ilhali huyu angeshika barabara ya Mombasa akijiamini.

Maji baridi nayo hushtua mwili, moyo hupiga kwa kasi na ngozi husisimka, lakini pombe iliyo damuni haitoki kwa kupitia ngozi iliyomwagiwa maji. Kwa mtu aliyelewa sana, bafu lenyewe ni hatari. Anaweza kuteleza akapasuka kichwa, na kwa sababu pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mwili hupoteza joto upesi, hasa katika baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai. Nawasihi sana wanaomburuta rafiki asiyeamka hadi bafuni waache. Mlazeni ubavu ili akitapika asipaliwe, msimwache peke yake, na akianza kupumua polepole mno au kwa vipindi, au midomo yake ikigeuka rangi, mpelekeni hospitalini mara moja. Pombe aliyokunywa mwisho huendelea kuingia damuni hata baada ya kuacha kunywa, kwa hiyo hali yake inaweza kuzorota akiwa amelala.

Hesabu ninayowafundisha madereva ni rahisi. Bia ya kawaida ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 4.2 ina takriban gramu 17 za pombe, na kwa mwanamume wa kilo 75 kila chupa huchukua zaidi kidogo ya saa mbili kuisha, kuanzia wakati wa kinywaji cha kwanza. Chupa nane, kwa hiyo, ni saa 17 na dakika chache. Dereva wetu aliyeanza saa mbili usiku angeshuka hadi kikomo cha sheria karibu saa mbili asubuhi, lakini pombe isingekwisha damuni mpaka baada ya saa saba mchana. Hiyo ni kwa ini la wastani. Mimi huwaambia wahesabu saa tatu kwa kila chupa, ili mwenye ini la polepole naye awe salama.

Mwanamke wa kilo 60 akinywa chupa tano hufikia karibu kiwango kile ambacho dereva huyu alifikia kwa nane, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na kwa kawaida una maji machache ya kuizimua pombe. Na anayekunywa pombe kali asihesabu chupa, kwani robo lita ya kinywaji cha asilimia 40 ina pombe ya karibu bia tano.

Siku hiyo lori lilipewa dereva mwingine. Aliyepimwa alibaki yadini, na nilipompima tena saa sita mchana bado kipimo kilisoma 9.