Jibu: kutu ya balkoni Bukavu

«Balkoni yetu hapa Bukavu ina miaka 25. Betoni inabanduka upande wa chini, vyuma vina kutu. Chumvi itoke wapi, na bahari iko mbali?»

Ndugu, chumvi haihitajiki. Betoni mpya ina chokaa nyingi, pH yake inapita 12, na humo chuma hujivika ngozi nyembamba isiyoruhusu kutu. Lakini CO2 ya hewani huingia polepole kupitia vitundu na kugeuza chokaa ile kuwa kama mawe ya chokaa. Hapo pH hushuka chini ya 9, ngozi inakufa, na unyevu kidogo unatosha.

Mimi niliwahi kupima balkoni ya umri huohuo. Nilivunja kipande kipya, nikapanguza vumbi, nikanyunyizia fenoftaleini, dawa inayogeuka waridi pale pH ingali juu. Ndani paligeuka waridi, ila milimita 20 za nje zilibaki bila rangi: kinga yake imeshaisha. Kina hukua kwa kipeuo cha pili cha miaka. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, na 20 ukigawa kwa 5 ni 4: kina ni 4 mara kipeuo cha miaka. Kwa hiyo chuma kilichofunikwa milimita 15 kilifikiwa mwaka wa 14 hivi, wakati milimita 30 zingengoja miaka 56. Fundi aliyelaza vyuma juu ya mbao bila vipande vya kuviinua (tunawajua!) ndiye aliyekuibia miaka.

Usipake simenti juu ya kutu. Chimba hadi nyuma ya chuma, sugua king'ae, ndipo ujaze. Kama chuma kimekonda sana, mwite injinia kwanza.