Kumwandikia dada aliyetutangulia chuo

"Nimemaliza uhasibu MoCU mwaka jana. Kuna dada alitutangulia miaka sita, yuko kampuni ya kahawa hapa Moshi ninayoitaka. Namba yake nimeipata kwenye grupu la wahitimu. Nianzeje?"

Usianze na wasifu wako. Ukiutuma kwanza, unamweka mahali pa kumdhamini mtu asiyemjua, na njia rahisi ya kutoka hapo ni kukaa kimya. Muombe kitu anachoweza kukupa bila ruhusa ya bosi. Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Shikamoo dada. Naitwa (jina), nimemaliza uhasibu MoCU mwaka jana, namba yako iko kwenye grupu letu la wahitimu. Naomba dakika 15 za simu siku utakayoona inakufaa. Nataka kujua mhasibu mpya hapo huanzia wapi: stoo, malipo ya wakulima au mauzo ya nje?"

Swali hilo la mwisho ndilo linalobeba meseji. Linaonyesha umeifikiria kazi yenyewe, tena analijibu bila kujiandaa. (Neno "konekshen" liache kabisa.)

Akinyamaza, kumbushia mara moja baada ya wiki, basi. Kahawa huku huvunwa kuanzia kama Julai hadi mwisho wa mwaka, huenda amezidiwa tu.

Mkiongea, zikitimia dakika 15 mwambie muda umefika. Akitaka kuendelea ataendelea mwenyewe. Jioni mshukuru, utaje jambo moja utakalofanyia kazi. Nafasi ikitangazwa, omba kwa utaratibu wa kawaida, kisha mjulishe. Hapo ndipo umuulize kama yuko radhi kukutaja.