Kutambua rimu kwenye picha: chuma au aloi, na tundu za boliti

"Wakuu, nimetumiwa picha mbili za rimu nataka kununua. Hizi ni za chuma au aloi? Na mpangilio wa boliti naweza kuujua kwa kuangalia tu?"

Hiyo ni ya chuma, mkuu. Zile spoku za rangi ya fedha ni wilikapu ya plastiki. Kuza picha ya kwanza pale kwenye valvu: imepenya kwenye kitobo kilichokatwa kwenye plastiki, na nyuma ya spoku kuna weusi, ambao ndio uso wa rimu yenyewe. Kwenye aloi spoku ni nene na zinaungana na ukingo bila mwanya. Picha ya pili, kapu likiwa limetolewa, inamaliza ubishi: bati lililokandamizwa, lenye matundu ya hewa kuzunguka.

Boliti ndipo penye kazi. Kuhesabu ni rahisi, ziko 5. Ila 5 kwa umbali gani? Mimi niliwahi kupima kwenye picha kwa kulinganisha duara la boliti na tundu la katikati, nikanunua, na rimu zikagoma kuingia. Gari langu ni Toyota ya 5x114.3, yaani boliti 5 kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, na tundu la katikati la milimita 60.1. Zilizokuja zilikuwa 5x100, tundu 54.1. Sasa gawanya kipenyo cha duara kwa tundu la katikati: ya kwanza inatoa 1.90, ya pili 1.85. Picha ikipigwa kwa kuinamia upande kidogo tu, tofauti hiyo inapotea kabisa. Kupimia ukingo wa nje nako kunadanganya, kwa sababu uso wa boliti umezama ndani, hivyo kwenye picha unaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Mwombe muuzaji alaze rula juu ya uso wa boliti wenyewe, kisha apige picha kutoka juu, simu ikitazama chini moja kwa moja juu ya tundu la katikati. Kwenye tundu 5 hakuna mbili zinazotazamana, kwa hiyo pima zilizo jirani: anzia ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa linalofuata. Hapo unapata umbali wa kati hadi kati bila kukisia katikati ni wapi. Ukisoma karibu 59, ni 5x100. Ukisoma karibu 67, ni 5x114.3. Namba nyingine yoyote izidishe kwa 1.7 upate kipenyo cha duara.

Rula ina kikomo chake. 5x112 inasoma kama 66, na tofauti ya milimita moja na ushee kati yake na 5x114.3 usiiamini kwenye picha. Ukisoma 66 au 67, omba picha ya mgongo wa rimu, mara nyingine kipimo kimeandikwa pale. Kama hakipo, ijaribu kwenye habu kabla ya kulipa, na usikubali kuivuta kwa nati: boliti zinapinda na nati zinalegea ukiwa barabarani.