Bei ya tungule isomeke kabla mtu hajakupita

Nauza tungule, vitunguu na ndimu Mwanakwerekwe, na anayeanza meza huniuliza kwanza kibao cha bei kiandikweje. Namwambia asikilize wateja. Kibao kipo na watu bado wanauliza "fungu kiasi gani?", basi maandishi ni membamba au kibao kimetundikwa juu, mbali na mali. Mimi hukata kadibodi, naandika kwa kalamu nene nyeusi na kuichomeka kwa kijiti katikati ya mafungu yenyewe, imeelekea wanakotokea wapita njia. Ukisimama hatua kumi ukashindwa kuisoma, iandike upya.

Tatizo kubwa ni ofa. Ukiandika "3 – 2,500", mwingine ataona tungule tatu kwa bei hiyo, atacheka aende zake. Andika mistari miwili: FUNGU 1 – 1,000, na chini yake MAFUNGU 3 – 2,500.

Lakini kabla ya kuiandika, ipigie hesabu. Chukua ndoo iliyokugharimu 21,000 ikatoa mafungu 30, kila moja limekugharimu 700. Ukiuza moja kwa 1,000 unapata 300. Ukiuza matatu kwa 2,500 unapata 400 tu. Aliyekuja kununua moja akachukua matatu, umeongeza mia. Ila yule ambaye angechukua mawili kwa bei kamili angekuachia 600, na ofa yako imemkatia 200. Kwa hiyo asubuhi, mali ikiwa ngumu na watu wengi, siiweki kabisa.

Asubuhi naweka sinia la mchuzi: fungu la tungule, vitunguu viwili, kichwa cha thomu, pilipili na ndimu, kibao kimoja, bei moja. Hapo punguzo ni dogo, kwa sababu mama anayekimbilia daladala hapungukiwi pesa, anapungukiwa muda. Wengi hulichukua kama lilivyo.

Fungu langu lina tungule tano, nne chini na moja juu, zote za ukubwa mmoja. Usifiche mbovu chini. Mnunuzi wa hapa atalipindua, na akiikuta hiyo moja hatokuamini tena hata kwa ndimu. Miguu ya nyuma ya meza niliiwekea matofali ili meza iiname mbele, na fungu la nyuma nalo lionekane. Na angalia turubali lako: la buluu huifanya tungule nyekundu ionekane imefifia kama ya jana. Nyeupe ni afadhali, maadamu linazuia jua.

Baada ya alasiri zilizolainika nazitenga kwenye ungo wake, na kibao chake: LAINI, ZA KUPIKA LEO – FUNGU 500. Hapo nakula hasara ya 200 kwa fungu, lakini kesho ningezitupa, na wanaopikia watu wengi huja kuziulizia.