Mtoto njiti ana tarehe mbili: mahali pa kutoa wiki na mahali pa kuziacha

Wadogo zangu mnaoanza kukaa meza ya kliniki ya watoto, kutoa kwenye umri wa mtoto njiti zile wiki alizowahi kuzaliwa ni hesabu ya darasa la pili. Kinachowashinda watu ni kujua wanatoa kutoka wapi, na ni wakati gani hawatakiwi kutoa chochote. Nitawaeleza kwa mtoto mmoja.

Mama alikuja tarehe 3 Desemba 2025 na binti wa miezi 8 na siku 2. Hata hajaketi vizuri akaniambia, "Sista, wa jirani yangu wamezaliwa mwezi mmoja, mwenzie anakaa peke yake, huyu wangu bado anaanguka." Mizani ikaonyesha kilo 5.9. Muuguzi mgeni aliyekuwa na mimi akashaanza kutafuta mstari wa miezi 8 kwenye kadi. Kwa msichana wa umri huo, mpaka wa chini wa uzito unaokubalika ni kilo 6.3. Alama ingeangukia chini ya mpaka, mama angeambiwa mtoto ana uzito pungufu, na pengine angeondoka na maelekezo ya kuanza uji mzito usiku ule ule.

Nikamuuliza mama swali moja kabla kalamu haijagusa kadi: mimba ilikuwa ya muda gani ulipojifungua? Akajibu, "Miezi saba."

Jibu hilo mtalisikia kila siku, na ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Ukisikia miezi saba, kichwa kinafanya haraka: tisa toa saba, mbili, yaani wiki 8. Lakini mimba iliyotimia tunaihesabu kwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na wiki 40 ni miezi tisa na siku kadhaa juu. Halafu "miezi saba" ya mdomoni inaweza kuwa wiki 28, inaweza kuwa 32. Tofauti ya wiki 4 kwa mtoto mchanga ni kubwa mno kuikisia, kwa hiyo ombeni kadi ya mama ya ujauzito. Kama alipigwa altrasaundi katika miezi mitatu ya kwanza, tarehe ya altrasaundi ndiyo ya kuaminika kuliko zote. Ile ya miezi ya mwisho inaweza kukosea kwa wiki mbili au zaidi.

Mama huyu hakuwa na altrasaundi ya mapema, ila hedhi yake aliikumbuka vizuri: siku chache kabla ya Maulidi ya 2024. Tulipofungua kadi yake ya ujauzito tukakuta imeandikwa 10 Septemba 2024. Napenda sana mama akikupa tarehe kwa kuifunga kwenye sikukuu, mavuno au shule kufunguliwa, kuliko akikutajia tu "mwezi wa tisa hivi".

Kutoka hapo unaongeza siku 7 na kurudisha miezi 3, unapata tarehe ya matarajio: 17 Juni 2025. Mtoto alizaliwa 1 Aprili 2025. Kutoka 10 Septemba hadi 1 Aprili ni siku 203, yaani wiki 29 kamili. Arobaini toa 29 ni 11. Binti aliwahi kwa wiki 11.

Angalieni hiyo arobaini. Wengi wenu mmefundishwa kwamba njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37, mkatoka na wazo kwamba mtoto amewahi kwa wiki zilizopungua kufika 37. Sivyo. Wiki 37 ni mpaka wa kumwita mtoto jina fulani tu. Hesabu ya kurekebisha umri huanzia 40. Mkitumia 37 kwa binti huyu mtatoa wiki 8, na mtamzidishia umri kwa wiki 3.

Sasa umri wake siku ile. Tangu kuzaliwa alikuwa na wiki 35 na siku 1. Ukitoa 11 zinabaki wiki 24 na siku 1. Lakini mimi sifanyi hivyo mezani, maana lazima nigeuze wiki kuwa miezi, na hapo watu hugawa kwa 4 kana kwamba kila mwezi ni Februari. Wiki 24 gawa kwa 4 unapata miezi 6, wakati ukweli ni miezi mitano na nusu. Njia yangu ni kusahau kutoa kabisa: chukua tarehe ya matarajio kama ndiyo siku ya kuzaliwa ya pili, uhesabu kutoka pale. Kuanzia 17 Juni hadi 3 Desemba ni miezi 5 na siku 16. Jibu ni lile lile, na hakuna kugawa.

Kwa sababu hiyo mimi huandika tarehe ya matarajio kwa wino juu ya kadi ya mtoto, karibu na tarehe ya kuzaliwa, pamoja na wiki alizozaliwa nazo. Siandiki "toa wiki 11", kwa sababu atakuja mwenzenu zamu ya mwezi ujao, akute umri umeshatolewa, naye atoe tena. Nimeshaona mtoto aliyerekebishwa mara mbili. Na siku zisipotezwe: aliyezaliwa wiki 29 na siku 4 amewahi kwa wiki 10 na siku 3, siyo 11.

Tukarudi kwenye kadi. Alama ya kilo 5.9 tukaiweka katikati ya mstari wa miezi 5 na wa 6. Pale mpaka wa chini ni kama kilo 5.5, hivyo binti yuko juu yake. Ni mdogo, lakini yuko ndani. Mwezi uliotangulia alikuwa na kilo 5.6, nayo tukaihamisha kwenye miezi minne na nusu. Nukta mbili zikaonyesha anapanda sambamba na mistari iliyochapwa.

Hilo la kupanda lishikeni, maana kurekebisha umri hakumponyi mtoto asiyekua. Ukirekebisha, alama zote zinasogea kushoto kwa hatua ile ile, lakini mteremko wake haubadiliki. Kama Novemba angekuwa na 5.9 na Desemba 5.9, huyo ana tatizo kwa umri wowote utakaoutumia, na mazungumzo yanahamia kwenye kunyonya, kuugua na chakula.

Suala la kukaa nalo likajijibu. Watoto wengi waliotimia hukaa bila kushikiliwa kati ya miezi 4 na 9. Wa miezi mitano na nusu kuanguka ni jambo la kawaida. Hata hivyo sikuishia kumwambia mama asijali. Nilimvuta binti mikono kutoka kulala: shingo ilifuata vizuri. Viganja vilikuwa wazi, miguu haikuwa migumu wala haikupishana kama mkasi, na alifikia kalamu yangu kwa mikono yote miwili. Shingo ingekuwa bado inalegea kwa umri uliorekebishwa wa zaidi ya miezi 4, au upande mmoja ungekuwa hautumiki, ningempa rufaa siku ile. Nawaonya kwa sababu neno "ni njiti huyo, atafika tu" limewachelewesha watoto wengi wenye mtindio wa ubongo. Ukishatoa wiki zake, njiti hana tena msamaha mwingine.

Sasa mahali pa kutotoa. Nilipokuwa mgeni kama ninyi, katika kituo nisichokitaja, nilimwambia mama wa mtoto aliyezaliwa kwa mimba ya wiki 31, aliyekuja kwa dozi ya kwanza ya chanjo ya penta, arudi baada ya wiki 9, "mtoto afikie umri wake kwanza". Niliona nimefanya hesabu nzuri. Alirudi mtoto akiwa na wiki 15, na muuguzi mkubwa akaniita pembeni na kadi mkononi. Nilikuwa nimemwacha yule mtoto, mwenye mapafu madogo kuliko wenzake, wiki 9 za ziada bila kinga ya kifaduro. Hakuugua, lakini hiyo ilikuwa bahati yake, siyo kazi yangu.

Chanjo hufuata tarehe ya kuzaliwa. Wiki 6 ni wiki 6 tangu atoke tumboni, kwa sababu mwili huanza kukutana na vijidudu, na kujifunza kupambana navyo, siku ile anapozaliwa. Binti wetu wa Aprili tulikagua chanjo zake kwa 1 Aprili, na ya surua tukampangia 1 Januari 2026, akitimiza miezi 9 ya kuzaliwa. Na dozi ni kamili. Msigawe nusu kwa sababu ni mdogo.

Macho pia hayasubiri. Aliyezaliwa wiki 29 anatakiwa kuchunguzwa retina karibu wiki ya 4 tangu kuzaliwa, yaani kwa huyu mwishoni mwa Aprili, wiki saba kabla hata tarehe yake ya matarajio haijafika. Ukingoja umri uliorekebishwa unaweza kukuta retina imeshaharibika.

Chakula cha nyongeza ndicho kinacholeta ubishi, na hata miongozo haikubaliani. Mimi siangalii namba peke yake. Shingo imekaza, anakaa akishikiliwa, ulimi hausukumi kijiko nje: mtoto yuko tayari. Binti yule alikuwa karibu sana, nikamwambia mama aje baada ya wiki mbili tumwangalie tena.

Kabla ya tarehe ya matarajio kufika, msitumie kadi ya kawaida kabisa. Tarehe 20 Mei mtoto huyu umri wake uliorekebishwa ungekuwa chini ya sifuri, na kadi haina mstari huo. Wodini wanatumia chati za njiti, kama Fenton au INTERGROWTH-21st, zinazoendelea kuhesabu wiki za mimba kana kwamba bado yumo tumboni.

Tunaendelea kurekebisha hadi miaka 2. Wiki 11 kwa mtoto wa miezi 8 ni karibu theluthi ya maisha yake. Kwa wa miezi 24 ni kama sehemu moja ya kumi, na hupotelea ndani ya tofauti za kawaida za watoto. Ila siku utakayoacha, alama itashuka ghafla, na kama siku hiyo hiyo umeanza kumpima urefu akiwa amesimama badala ya kulala, urefu nao utapungua kwa kama sentimita 0.7. Andika pembeni ya kadi kwamba umeacha kurekebisha na tarehe yake, la sivyo mwenzako atamtafutia mtoto ugonjwa wa kushuka huko.

Mama wa binti aliniuliza mwisho, akiwa ameshamfunga mgongoni: "Kwa hiyo nikiulizwa mtoto ana miezi mingapi, niseme ngapi?" Nikamwambia barabarani aseme nane. Hapa mezani atuonyeshe kadi.