Karani mpya, wakulima wakiwa wanane usikimbilie namba ya katikati

Ukianza kazi kwenye stoo ya mahindi huku Busia au Tororo, haitapita wiki kabla bosi hajakuuliza: "Mkulima wa kawaida analeta kilo ngapi?" Swali linasikika jepesi. Tatizo ni kwamba lina majibu matatu, yaani wastani, mediani ambayo ni katikati ya namba zilizopangwa, na modi ambayo ni namba inayojirudia kuliko nyingine, na kila moja lina namna yake ya kumtia karani aibuni. Linalosumbua wengi ni mediani, hasa idadi ya wakulima inapokuwa shufwa, yaani inapogawanyika kwa mbili bila baki.

Tuchukue mfano wa asubuhi moja. Daftari la mzani linaonyesha kilo hizi, kwa mpangilio wa foleni: 62, 48, 55, 48, 310, 70, 55, 64.

Kabla ya hesabu yoyote, hesabu wakulima. Ni wanane. Andika 8 pembeni na uizungushie duara, kwa sababu namba hiyo ndiyo utakayoitumia kukagua kila kitu kitakachofuata. Kisha zipange kilo kuanzia ndogo: 48, 48, 55, 55, 62, 64, 70, 310. Zihesabu tena baada ya kuzipanga. Wengi hudondosha namba hapa, na inayodondoka kwa kawaida ni ile inayojirudia, maana jicho likiona 48 mbili hudhani moja imeandikwa kwa bahati mbaya. Lakini ni wakulima wawili tofauti, kila mmoja na mzigo wake. Ukifuta marudio hayo unabaki na namba sita, na mediani inaruka hadi 63.

Kupata katikati kwenye karatasi, mimi hukata kutoka pande zote mbili: 48 ya kwanza pamoja na 310, 48 ya pili pamoja na 70, 55 pamoja na 64. Zinabaki mbili, 55 na 62. Idadi ikiwa shufwa lazima zibaki mbili. Ikibaki moja, kuna namba imepotea au imeandikwa mara mbili, basi rudi nyuma. Jumlisha hizo mbili, 117, gawanya kwa mbili, upate 58.5. Hiyo ndiyo mediani.

Karani mgeni hushtuka hapa, kwa kuwa hakuna mkulima aliyeleta kilo 58.5. Usishtuke. Kazi ya mediani ni kugawa kundi nusu kwa nusu, na ndivyo unavyoikagua: wakulima wangapi wako chini ya 58.5? Wanne. Juu yake? Wanne. Imekaa sawa. Ukichagua 55 kwa sababu tu imo kwenye orodha, juu yake wako wanne na chini yake wako wawili, kwa hiyo hujafika katikati. Ila usilifanye hili kuwa kanuni ya kila siku: zile mbili za katikati zikilingana, mfano 55 na 55, mediani ni 55 yenyewe na imo kwenye orodha bila kosa lolote.

Makosa mengine mawili utayatambua kwa sura tu. La kwanza ni kutopanga. Kwenye foleni yetu, wa nne na wa tano ni 48 na 310, na katikati yao ni 179, namba inayowazidi wakulima saba kati ya wanane. La pili ni kuchanganya nafasi na thamani. Watu huchukua 8, huongeza 1, hugawanya kwa 2, hupata 4.5, kisha huandika mediani ni 4.5. Hiyo 4.5 inakuambia tu usimame kati ya mtu wa nne na wa tano. Mediani isiyofika hata kilo za mkulima mdogo kuliko wote haiwezi kuwa mediani.

Wastani ni rahisi: jumla ni 712, gawanya kwa 8, ni 89. Kuukagua, tazama kila mtu yuko mbali kiasi gani na 89. Saba walio chini wanapungukiwa na 41, 41, 34, 34, 27, 25 na 19, jumla 221. Yule wa 310 amezidi kwa 221. Upungufu na ziada vikilingana, wastani uko sahihi. Ila angalia ulivyo: hesabu haina kosa, lakini mkulima wa kawaida wa kilo 89 hayupo. Mzigo mmoja umewavuta wote.

Kwa hiyo mzigo huo ukague kwenye stakabadhi kabla ya kupeleka ripoti. Huenda ni mchuuzi aliyekusanya kwa majirani, na mahindi yake yamo stoo kweli. Huenda pia ni 31.0 iliyopoteza nukta. Kama ni 31, wastani unaanguka kutoka 89 hadi karibu 54, huku mediani ikishuka kutoka 58.5 hadi 55 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nimjibu bosi kwa mediani akiuliza habari za mkulima wa kawaida. Akiuliza habari za lori, mpe jumla au wastani, kwa sababu lori linabeba kilo zote, za mchuuzi zikiwemo.

Modi ziko mbili, 48 na 55, kila moja mara mbili. Ziandike zote. Usizitafutie katikati, maana utapata 51.5 ambayo hakuna aliyeileta. Na kwa watu wanane tu, modi ya marudio mawili haina uzito, mimi siijengei hoja.

Wanaotumia kompyuta wana mtego wao. Kilo zikiwa kwenye Excel, B2 hadi B9, anza na mstari wa kwanza hapa:

```
=COUNT(B2:B9)
=AVERAGE(B2:B9)
=MEDIAN(B2:B9)
=MODE.SNGL(B2:B9)
```

Wa kwanza lazima utoe 8. Mtu akiandika "70 kg" badala ya 70, Excel huiona kama maneno na kuiruka kimya kimya. COUNT inatoa 7, wastani unakuwa 91.714 na mediani 55. Hata bila COUNT ungeweza kunusa kosa: kilo zote ni namba kamili, kwa hiyo wastani ukizidishwa kwa 8 lazima urudishe namba kamili. 91.714 mara 8 ni 733.712. Haiwezekani. Mediani nayo, kwa kilo kamili na idadi shufwa, huishia ama kwenye namba kamili ama kwenye .5, basi. Ukiona .25 au .7, kuna kitu. Na mstari wa mwisho utakupa 48 peke yake, 55 ukainyamazia, ndiyo maana modi naihesabu kwa macho.

Limebaki la mkulima wa tisa, aliyeandikishwa lakini hakuleta kitu. Seli yake, B10, ikiwa tupu, kompyuta inamruka na idadi inabaki 8. Ukimwekea 0 na kurefusha fomula hadi B10, idadi inakuwa 9, mediani inakuwa 55 na wastani unashuka hadi 79.1. Muulize bosi kabla ya kuandika: anataka walioleta, au walioandikishwa?